Nyasi Ikuayo Tena Baada ya Kuliwa

Wako wengi huku Bunju wafugao ng'ombe wawili watatu katika kiwanja kidogo, nao huuliza kwa nini malisho yaliyokuwa mazuri mwezi wa Aprili yamekuwa vumbi mwezi wa Agosti, hali ng'ombe hawakuongezeka. Mara nyingi kosa si la jua peke yake.

Nyasi hujilisha kwa jani. Likiliwa lote, mmea hauna budi kutumia akiba iliyomo katika shina na mizizi. Mwaka 1955 Bwana Crider wa Amerika alitangaza majaribio yake: alipokata nusu ya majani, mizizi iliendelea kukua karibu yote, alipokata sehemu 8 katika 10, ilisimama siku 12, na sehemu 9, siku 17. Na mizizi mifupi haifikii maji ya chini wakati wa kiangazi.

Lakini kungoja mno nako kuna hasara. Iko nyasi ndefu iotayo kwa mafungu, ambayo mbegu zake zilichukuliwa Korogwe mwaka 1969, zikafika Brazili, zikaitwa huko Tanzania. Wabrazili waliipima, wakaona ifikapo sentimeta 70 majani hufunika ardhi hata mwanga haupiti. Tangu hapo huongeza mashina, na majani ya chini hugeuka manjano. Basi kata fimbo, uitie alama mbili: 70 ya kuingiza ng'ombe, na 35 ya kuwatoa.

Sasa tuhesabu. Tuseme wakati wa masika nyasi yahitaji siku 28 za kupumzika, na ng'ombe wakae siku 4 katika kila kipande. Gawa 28 kwa 4, upate vipande 7 vinavyopumzika. Ongeza kile kinacholiwa, navyo ni 8. Usizidishe zile siku 4, maana chipukizi hutokea upesi, na ng'ombe hulipenda kuliko jani la zamani. Likiumwa mara ya pili, akiba hupungua maradufu.

Ifikapo Julai mambo hubadilika, na hapa ndipo wengi huharibu. Nyasi ni fupi, ng'ombe humaliza kipande kwa siku 2, mwenyewe huwahamisha upesi, na kwa hiyo hurudi kwenye kipande cha kwanza baada ya siku 14 tu, wakati ule ule mmea unapohitaji kungojwa zaidi. Afadhali walishwe siku 4, kisha siku 4 wafungwe zizini kwa matete yaliyokatwa. Mzunguko huwa siku 64, na kila kipande hupumzika 60. Hata hivyo fimbo ndiyo hakimu, wala si kalenda: ikiwa zamu imefika na nyasi haijafikia alama ya juu, kipande hicho kirukwe.