Fidla Inayomtosha Mtoto, na Wakati wa Kumbadilishia

Mzazi wa Embu au Meru anayemtafutia mtoto fidla mara nyingi huagiza kutoka Nairobi, au hununua kwa jirani ambaye mwanawe ameshakua. Vyovyote vile, si rahisi kurudisha kitu kilichokwisha kulipiwa na kupakiwa kwenye matatu. Kwa hiyo pima mtoto kabla ya kutoa pesa, na usiangalie umri wake. Watoto wawili wa miaka tisa wanaweza kuhitaji fidla za ukubwa tofauti.

Msimamishe mtoto, anyooshe mkono wa kushoto kando usawa wa bega, kiganja kikiangalia juu. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime kuanzia pale shingo inapokutana na bega hadi katikati ya kiganja. Ukipata kama sentimita 47, fidla ya robo (1/4) inamtosha. Kwenye 51 anaingia nusu (1/2), kwenye 56 robo tatu (3/4), na akifika 59 au 60 anaweza kushika nzima (4/4). Vipimo hivi hutofautiana kidogo kati ya muuzaji na muuzaji. Kipimo kikiangukia katikati, chagua ile ndogo.

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama, kwa sababu tumezoea kununua sare ya shule iliyo kubwa kidogo ili mtoto aivae miaka miwili. Sare ikiwa kubwa hukunjwa mikono, lakini fidla haikunjiki. Ikizidi mkono wa mtoto, kidole cha nne hakifiki mahali pake, kifundo cha mkono kinaangukia shingo ya fidla, na mtoto hujipinda kuifuata. Mazoea hayo hubaki mwilini hata baada ya mkono kurefuka, na mwalimu hutumia muda mrefu kuyaondoa.

Chukua mfano wa msichana wa Embu anayepiga nusu, na nyumbani kuna robo tatu aliyoiacha kaka yake. Mkono wake umefika sentimita 54. Mama anaona ni hasara kuiacha ile robo tatu ikikaa kabatini, basi wanaijaribu. Msichana anaiweka begani kama anayetaka kupiga, kisha anapeleka mkono wa kushoto hadi kichwa cha fidla, pale mbao ilipojiviringa. Angekuwa na fidla inayomfaa, vidole vingekizunguka kichwa hicho na kiwiko kingebaki kimekunjika kidogo. Hapa ncha za vidole tu ndizo zinazogusa, na kiwiko kimenyooka kabisa. Anachukua upinde wa robo tatu, anauvuta hadi ncha yake, na bega la kulia linavutwa mbele. Majaribio yote mawili yanasema jambo moja: abaki na nusu, apimwe tena muhula ukiisha.

Wakati wa kuhama nao una dalili zake. Kiwiko cha kushoto hukunjika sana na mkono husogea karibu na uso. Vidole husongamana, hivi kwamba noti mbili zilizo karibu haziwezi kupigwa sawasawa bila kidole kimoja kukipisha kingine. Mtoto aliyekuwa akipiga noti safi huanza kukosea, ingawa anafanya mazoezi vilevile. Ukiona hayo, pima mkono, kisha rudia jaribio la kichwa na la upinde kwa fidla inayofuata. Akifaulu, mhamishe.

Chagua likizo, si majuma ya mwisho kabla ya tamasha la muziki la shule au mtihani. Nafasi kati ya noti huongezeka kwenye fidla kubwa, na vidole vinahitaji muda wa kuzizoea. Badilisha na upinde pia, kwa sababu kila ukubwa una upinde wake.

Ukinunua ya mitumba, soma karatasi iliyobandikwa ndani, inayoonekana kupitia tundu la ubao wa juu. Kama haipo, pima mgongo wa fidla bila shingo: nzima ina takriban sentimita 35.5, robo tatu 33.5, nusu 31. Utaona kwamba majina hayo hayalingani na urefu wenyewe, kwa hiyo usikadirie kwa macho.

Ikisafirishwa kutoka Nairobi, au kupelekwa kwa ndugu kati ya Embu na Meru kupitia Chuka, mwambie mtumaji alegeze nyuzi kidogo tu. Zikilegezwa zote kabisa, daraja linaanguka, na kijiti kinachosimama ndani ya fidla kinaweza kuanguka pia. Kukirudisha kunahitaji fundi mwenye chombo maalumu.

Fidla ndogo iliyoachwa iuze au iazimishe mapema kwa familia nyingine inayofundisha watoto fidla, baada ya kumpima mtoto wao kwa tepu ileile.