Chama Chenu Kinachimba Kisima: Gharama Gani Itawatoboa Mfuko?

Tuseme mko 20 kwenye chama, mnachanga kwa simu, na mnataka kuchimbisha kisima cha mashine. Makadirio: mita 150 kwa shilingi 6,500 kila mita, pampu na sola 650,000, upimaji na vibali 100,000. Jumla ni 1,725,000, yaani 86,250 kwa kila mwanachama.

Shida ni kwamba hakuna namba hata moja hapo iliyo ya uhakika. Sasa mkutano mzima mnabishania bei ya pampu. Je, kweli pampu ndiyo ya kuogopwa?

Chukua kila gharama, uandike kiwango cha chini na cha juu kinachowezekana. Badilisha moja tu, nyingine ziache zilivyo, kisha piga jumla upya. Kina kinaweza kuwa mita 120 au 220: jumla inatoka 1,530,000 hadi 2,180,000, tofauti ya 650,000. Bei ya mita, kati ya 6,000 na 7,500, inaleta tofauti ya 225,000. Pampu, kati ya 600,000 na 750,000, ni 150,000. Upimaji na vibali, 90,000 hadi 120,000, ni 30,000 tu.

Chora mstari wima kwenye 1,725,000, halafu kila gharama iwe na mchirizi wake wa kulala, mrefu kabisa juu, mfupi chini. Umbo linafanana na kimbunga, ndiyo maana unaitwa mchoro wa tornado. Angalia mchirizi wa kina: kushoto unaenda 195,000, kulia 455,000. Mwamba ukiwakatalia maji, kila mtu ataongeza 22,750. Pampu haijawahi kuwa tatizo lenu.

Kuna watu hupenda njia ya mkato: wanaongeza na kupunguza asilimia 10 kwa kila kitu. Usifanye hivyo. Kina na bei ya mita zitapata michirizi sawa kabisa, kwa sababu zinazidishwa pamoja, na mchoro hautakuonyesha kwamba bei unaweza kuulizia leo lakini kina hukijui. Vipimo vitoke kwa visima vya majirani na nukuu za wachimbaji.

Pia, mchoro huu haujumlishi mabaya mawili. Mita 220 kwa 7,500, pamoja na pampu kubwa ambayo kisima kirefu hudai, inafika 2,500,000.

Kwa hivyo lipeni upimaji kwanza, pesa nyingine zikae kwenye akaunti ya chama. Ripoti ikisema mita 160 hadi 190, chora upya ukianzia 175. Mchirizi wa kina unashuka hadi 195,000, na bei ya mita, yenye 262,500, inapanda juu. Hapo sasa ndipo mwende mkabishane na mchimbaji.