Jinsi ya Kujenga Krediti Marekani kwa Kodi ya Nyumba na Bili Kabla Hujakopa Hata Senti

Marekani unaweza kulipa kodi ya nyumba kwa wakati miaka mitano mfululizo, na siku unayoomba mkopo wa gari ukaambiwa hujulikani. Mwenye nyumba halazimiki kumwambia mtu yeyote kwamba unalipa vizuri. Kampuni ya umeme nayo kwa kawaida hukaa kimya muda wote unaolipa, na jina lako hutajwa pale deni linapopelekwa kwa wakusanya madeni. Sifa yako mbaya huandikwa bila wewe kuombwa, lakini nzuri ni lazima uiandikishe mwenyewe.

Wanaoandika ni ofisi tatu za taarifa za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Kila moja ina faili lake, na kilichomo katika moja si lazima kiwemo katika nyingine. Kutokana na mafaili hayo hupigwa alama za krediti, za FICO au za VantageScore, ambazo benki huzitazama.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kuna baba wa familia aliyetoka Kivu Kusini, sasa anaishi Louisville, Kentucky, na anafanya kazi ghalani. Kodi yake ni dola 1,100 kwa mwezi, na hulipa kwa mani oda anayoinunua dukani. Umeme hulipa kwa kadi ya benki, wastani wa dola 120. Laini yake ya simu iko kwa jina la shemeji yake, naye humpa shemeji dola 45 mkononi kila mwezi. Amekaa mwaka mmoja na nusu na hajawahi kuchelewa.

Hatua ya 1: Jua umeandikwaje leo

Ingia AnnualCreditReport.com, tovuti iliyowekwa kwa mujibu wa sheria ya nchi, uombe ripoti zako zote tatu. Ni bure, na unaweza kuomba kila wiki. Tovuti nyingine zenye majina yanayofanana nayo huomba kadi ya benki, achana nazo.

Usishtuke mfumo ukishindwa kukutambua au ukijibu kwamba huna faili. Ndilo jibu la kawaida kwa asiyewahi kukopa. Ukipata ripoti, isome kwa makini sehemu ya jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Wakimbizi wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na ndugu wa ukoo mmoja huweza kuwa na majina yanayokaribiana na kuishi anwani moja. Mazingira hayo hufanya faili la mtu likachanganyika na la mwingine. Ukiona akaunti usiyoijua, iwekee pingamizi kwanza kabla ya kuongeza chochote.

Kama ulifika kwa mpango wa wakimbizi, angalia pia iwapo mkopo wa nauli ya ndege wa IOM umeandikwa. Ukiwemo, tayari unayo historia ya mkopo, na kuulipa kwa wakati ni sehemu ya kazi hii.

Hatua ya 2: Fanya malipo yako yaonekane

Malipo yanayohesabika ni yale yanayoonyesha mambo matatu: nani amelipa, amemlipa nani, na lini. Baba wetu ana ushahidi wa aina hiyo kwa umeme peke yake. Mani oda haimwonyeshi katika taarifa yake ya benki, na dola 45 za simu zinaishia mkononi mwa shemeji.

Afanye mabadiliko matatu. Kwanza, ahakikishe jina lake limo katika mkataba wa pango, limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi yake ya Social Security. Kama mkataba una jina la mke au binamu peke yake, aombe kuongezwa unapofanywa upya. Pili, aanze kulipa kodi kwa njia ya mtandao inayotolewa na ofisi ya nyumba, fedha zikitoka moja kwa moja kwenye akaunti yake. Akichagua kulipa kwa akaunti badala ya kadi, mara nyingi ada huwa ndogo au haipo kabisa. Tatu, afungue laini ya simu kwa jina lake.

Vishina vya mani oda za zamani asivitupe. Amwombe pia mwenye nyumba nakala ya orodha ya malipo yake tangu alipohamia. Vyote viwili vitahitajika katika hatua ya 4.

Hatua ya 3: Ingiza bili

Experian ina huduma ya bure iitwayo Experian Boost. Unaiunganisha na akaunti yako ya benki, inatafuta malipo ya umeme, maji, gesi, simu na intaneti, kisha inakuonyesha orodha uchague ya kuingizwa. Asiye na faili kabisa huanza na Experian Go ndani ya programu yao ya simu: anathibitisha utambulisho wake, anafunguliwa faili, ndipo anaongeza bili.

Ili bili ikubaliwe, kwa kawaida yatakiwa malipo yasiyopungua matatu katika miezi sita iliyopita, mojawapo likiwa ndani ya miezi mitatu ya mwisho. Umeme wa baba wetu unakubalika siku hiyo hiyo, kwa kuwa ulikuwa ukilipwa kwa kadi. Simu itabidi isubiri miezi mitatu tangu alipofungua laini yake. Kodi inayolipwa mtandaoni nayo yaweza kuingia hapa kama ofisi ya nyumba au mfumo wake wa malipo unatambuliwa na Experian, lakini fedha taslimu, mani oda na hundi binafsi hazihesabiwi.

Huduma hii ina mipaka miwili. Inagusa faili la Experian peke yake. Benki inayotazama TransUnion haitaona chochote. Na ukikata muunganisho na akaunti yako, bili hizo huondoka kwenye faili. Basi usiikate wiki moja kabla ya kuomba mkopo.

Hatua ya 4: Ingiza kodi ya nyumba

Anza kwa kumwuliza mwenye nyumba kama anaripoti malipo ya wapangaji. Majengo makubwa mengi tayari yana mkataba na kampuni za kuripoti, kama Esusu, na mpangaji anatakiwa tu kukubali. Huko California, tangu Aprili 2025, wenye nyumba wengi wenye majengo makubwa wanalazimika kuwapa wapangaji nafasi ya kuripotiwa malipo yao mazuri, na ada wanayoweza kutoza haizidi dola 10 kwa mwezi. Kentucky alipo baba wetu, ni hiari ya mwenye nyumba.

Mwenye nyumba akikataa, zipo kampuni unazojiandikisha mwenyewe. Hukagua mkataba wako, huthibitisha na mwenye nyumba au kupitia taarifa za benki, kisha huripoti. Kabla ya kulipa, uliza maswali manne: Mnaripoti kwa ofisi ngapi na zipi? Mnaweza kuandika miezi iliyopita, na kwa ada gani? Nikichelewa mtaripoti nini? Nikihama au nikijitoa, yaliyoandikwa yatabaki?

Swali la pili lina thamani kubwa kwa mtu kama baba wetu. Kampuni kadhaa huandika hadi miezi 24 ya nyuma endapo mwenye nyumba atathibitisha. Hapo ndipo orodha ya malipo na vishina vya mani oda vinapofanya kazi, kwani anaweza kuingia na historia ya miezi 18 badala ya kuanza sifuri.

Swali la tatu ni la tahadhari. Baadhi huripoti malipo mazuri tu, wengine huripoti yote. Kodi iliyochelewa siku 30 au zaidi ikiandikwa, itakaa kwenye faili hadi miaka saba. Kama kipato chako hupanda na kushuka, chagua wanaoripoti mazuri peke yake.

Hatua ya 5: Hakiki na upinge makosa

Baada ya miezi miwili, omba ripoti zako tena. Tafuta akaunti ya kodi katika kila ofisi uliyoahidiwa, kisha linganisha tarehe, kiasi na idadi ya miezi. Kosa la kawaida ni mwezi mmoja kuonekana haukulipwa kwa sababu fedha ziliingia siku ya mapumziko, au kwa sababu ulihama katikati ya mwezi. Wasilisha pingamizi kwa ofisi husika ukiambatanisha taarifa ya benki. Kisheria wanatakiwa kuchunguza, kwa kawaida ndani ya siku 30.

Ukihama, lipa bili ya mwisho ya umeme na uache anwani mpya. Dola 60 zilizosahauliwa, bili ikaenda nyumba uliyokwisha kuiacha, zinaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni na kuchafua faili ulilolijenga kwa mwaka mzima.

Hatua ya 6: Peleka alama mahali zinapohesabiwa

Si kila alama huitazama kodi ya nyumba. VantageScore 3.0 na 4.0 huihesabu, na FICO 9 na FICO 10 pia, iwapo imeripotiwa. FICO 8, ambayo bado inatumiwa na wakopeshaji wengi, haiihesabu. Ndiyo maana mtu huona alama nzuri kwenye simu yake, kisha muuza magari akamtajia nyingine. Kabla ya kujaza fomu, uliza: mnatumia ofisi gani, na alama ya aina gani? Kama jibu ni FICO 8 kutoka TransUnion, bili za Boost hazitakusaidia hapo. Nenda kwa mkopeshaji mwingine, hasa chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambako afisa mara nyingi hukubali kusoma hati zako.

Kwa mkopo wa nyumba ipo njia nyingine. Tangu Septemba 2021 mfumo wa Fannie Mae unaweza kusoma miezi 12 ya malipo ya kodi kutoka kwenye taarifa za benki za mwombaji, kwa idhini yake, hata kama kodi hiyo haikuripotiwa popote. Baba wetu akilipa kupitia akaunti yake mwaka mzima, anao ushahidi huo tayari. Akiendelea na mani oda, hana.

Historia ya kodi na bili hufungua mlango wa kwanza. Ili alama za aina zote zikutambue, ongeza baadaye kadi moja ya dhamana, ile unayoiwekea amana yako mwenyewe, uitumie kidogo na kuilipa yote kila mwezi. FICO huhitaji angalau akaunti moja iliyofikisha miezi sita, basi usingoje mpaka wiki unayohitaji gari.

Ukiwa na jioni moja ya nafasi wiki hii, fanya mambo mawili: omba ripoti zako tatu, na mwandikie mwenye nyumba ukimwuliza kama anaripoti kodi. Kila mwezi unaopita unalipa hata hivyo. Dai uandikwe kwa jina lako.