Kazi ya Kanada kwa 280,000: Fuata pesa, fuata vidole



Ujumbe wa kazi za nje haupitii tu kwa watu tusiowajua. Unapita kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa parokia, ukiwa umetumwa na mtu tunayeimba naye kwaya, na chini yake kuna maneno "huyu ajenti ni mkweli, hata padre anamjua". Ndiyo maana nimeamua tukae chini na ujumbe mmoja tu, tuupitie mstari kwa mstari. Kijana mmoja wa jumuiya yetu alinionyesha, na ameniruhusu niutumie bila jina lake.

Ajenti alimwahidi kazi ya ghala huko Alberta, Kanada. Mshahara dola 32 kwa saa, uzoefu si lazima, Kiingereza si lazima. Gharama yote ni shilingi 280,000: usajili 35,000, "LMIA" 120,000, visa 85,000 na daktari 40,000. Zote zitumwe kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi, kabla ya Ijumaa maana "nafasi zimebaki tatu". Usajili alikuwa ameshalipa. Kwa hizo nyingine, nyumbani walikuwa wanatafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili.

Kwanza tuulize: mtu anaingiaje Kanada kufanya kazi kihalali? Ukiijua njia ya kweli, ya uongo inajitenga yenyewe.

Kwa kazi nyingi za namna hii, anayeanza ni mwajiri, si wewe. Mwajiri anaomba serikali ya Kanada kibali kinachoitwa LMIA, yaani tathmini inayoonyesha kwamba kumwajiri mgeni hakutaumiza soko la kazi la kule. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi. Anailipa mwajiri, na sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi huo mzigo, iwe moja kwa moja au kupitia ajenti. Akishapata kibali, anakutumia nakala pamoja na mkataba. Hapo ndipo zamu yako inafika. Unaomba kibali cha kazi kwenye tovuti ya serikali, canada.ca, kwa akaunti yako mwenyewe. Unalipa dola 155, na dola 85 za alama za vidole na picha. Halafu unakwenda wewe mwenyewe kwenye kituo cha maombi ya visa kuchukuliwa alama hizo. Ukitakiwa kupimwa afya, unamwona daktari aliyeidhinishwa na Kanada na unamlipa yeye.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe. Ile 120,000 ya LMIA si deni lako hata senti moja. Hapo hatuhitaji hata kubishana kama kiasi ni kikubwa au kidogo. Swali ni nani anapaswa kulipa. Visa ya 85,000 nayo? Dola 155 na 85 ni 240, ambazo kwa shilingi za Kenya ni ishirini na kitu elfu, na zinalipwa serikalini kupitia akaunti yako. Pesa za daktari hazipitii kwa ajenti. Ukiondoa yote hayo unabaki na "usajili", na hakuna hatua hata moja ya serikali ya Kanada yenye jina hilo.

Kuna kazi ambazo hazihitaji LMIA, kwa hiyo ajenti mjanja atakwambia "yetu ni njia maalumu". Sawa, lakini hata huko ada ya mwajiri inalipwa na mwajiri. Swali halibadiliki.

Alama ya pili, na hii naipenda kwa sababu ni mantiki tupu. Siku nne baada ya kulipa usajili, kijana alitumiwa picha: "Hongera, visa yako imetoka, maliza malipo tukutumie." Nilimuuliza mambo mawili. Umeshawahi kutoa alama za vidole kwa ajili ya Kanada? Hapana. Pasipoti yako iko wapi? Iko nyumbani, kabatini. Basi jibu limekwisha. Kwa Mkenya anayeomba mara ya kwanza, kibali hakitoki bila alama za vidole, na hakuna anayeweza kuzitoa kwa niaba yako. Visa yenyewe ni karatasi inayobandikwa ndani ya pasipoti. Haiwezi kubandikwa kwenye pasipoti ambayo haijatoka kabatini. Na kibali cha kazi chenyewe unakabidhiwa na afisa wa mpakani unapofika Kanada, si na mtu wa WhatsApp.

Mnaona? Hatukuhitaji kujua kama muhuri wa barua ni halisi. Mihuri siku hizi inatengenezwa kwa simu. Vidole na pasipoti viko mikononi mwako, na hivyo havidanganyi.

Alama ya tatu ni majina. Barua ya kijana ilikuwa na jina la kampuni halisi ya Kanada, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: unatafuta jina mtandaoni, unalikuta, unatulia. Lakini kampuni kuwepo si sawa na kampuni kukuandikia. Usipige namba iliyo kwenye barua. Tafuta mwenyewe tovuti ya kampuni, chukua namba au barua pepe ya pale, uwaulize kama wametoa ofa hiyo. Kijana aliandika Jumanne usiku, Jumatano wakamjibu kwamba hawana ajenti yeyote Kenya.

Kwa ajenti mwenyewe, hapa Kenya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ina orodha ya mawakala wenye leseni kwenye neaims.go.ke. Angalia jina, na uangalie kama leseni bado ni hai. Lakini usiishie hapo, kwani matapeli huazima jina la wakala halali. Piga simu ya ofisi iliyo kwenye orodha, uulize kama huyo mtu ni wao. Na ile "hata padre anamjua" tuiheshimu kwa kiasi chake: padre anaweza kumjua mtu kwa ubatizo wa watoto wake, na hilo halisemi chochote kuhusu leseni yake. Muulize padre mwenyewe. Mara nyingi utakuta hajui kama jina lake linatumika.

Na kama umeshalipa? Usitume nyingine "ili kuokoa ya kwanza". Ndivyo 35,000 zinavyogeuka 280,000. Piga simu kwa mtandao wako saa hiyo hiyo, kabla pesa hazijatolewa. Usifute chochote: ujumbe wa M-Pesa, namba, sauti, barua, vyote ni ushahidi. Peleka polisi, au piga DCI bila malipo 0800 722 203. Halafu waambie kundi lile lile ulikoupata ujumbe. Najua aibu inauma, lakini kunyamaza kwako ndiko kunakompa ajenti mteja wa kesho.

Ng'ombe hawakuuzwa. Zile 35,000 hazijarudi mpaka leo, kesi iko polisi.

Ukipata ofa wiki hii, kabla ya kutuma hata shilingi, muulize ajenti swali moja kwa maandishi: "Ada hii inalipwa kwa nani, na sheria inasema nani ailipe?" Wakala halali atakujibu kwa karatasi. Tapeli atakukumbusha kwamba nafasi zimebaki tatu.