Kusoma Qurani katika Simu: Tujaribu Kabla ya Kutegemea

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu Waislamu wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu wamekwisha kulizoea kabla ya kulichunguza, nalo ni kusoma na kusikiliza Qurani Tukufu katika simu ya mkononi.

Mzee mmoja wa darsa letu huuza nguo Karatina, na nyumba yake iko Othaya. Baada ya sala ya Alfajiri hupanda matatu ya njia ya Mukurweini, na desturi yake ni kusikiliza Suratul Kahf kila Ijumaa akiwa safarini. Mwanawe alimtilia programu ya Qurani katika simu, wakaijaribu nyumbani, ikasoma vizuri sana. Ijumaa iliyofuata gari lilipoteremka mabondeni sauti ikakatika, na hata maandishi ya tarjuma hayakuonekana tena. Alipotujia jioni alisema, "Wanangu, hii Qurani yenu hukaa mjini tu, haipendi kusafiri." Tulicheka, kisha tukaona kwamba neno lake lina haki ya kujibiwa. Basi baada ya Isha tulikusanya simu zetu, tukazijaribu programu moja moja, na haya ndiyo tuliyoyaona.

KWANZA: Nini maana ya kusoma bila mtandao?

Wengi hudhani kwamba programu ikishaingia katika simu, kila kilichomo ndani yake kimeingia pia. Sivyo. Programu ya Qurani ina mali tatu zilizo mbalimbali: matini ya Kiarabu, tarjuma, na sauti ya msomaji. Kila moja hupakuliwa peke yake. Yumkini matini ikawa ndani ya simu, na tarjuma ikawa bado kupakuliwa, na sauti ikawa inatoka katika mtandao kila unapoisikiliza. Simu ya mzee wetu ilikuwa hivyo hasa. Nyumbani sauti ilikuwa ikifika kwa bando, naye akidhani inatoka mfukoni mwake.

Njia ya kujua ni nyepesi. Bonyeza kitufe chenye picha ya ndege, kinachokata mawasiliano yote ya simu, na uhakikishe kwamba wai-fai nayo imezimwa. Ifunge programu kabisa, kisha uifungue upya. Fungua sura ambayo hukuifungua siku hizo, mfano Suratul Mulk, utazame Kiarabu chake, kisha tarjuma, kisha uisikilize. Usiijaribu kwa sura uliyoisikiliza jana, kwani baadhi ya programu huweka akiba ya kilichosikilizwa karibuni, nawe utadanganyika. Baada ya hayo zima kioo cha simu uiache isome dakika kumi. Zipo simu ambazo, kwa kubana matumizi ya betri, huzima sauti kioo kikilala. Kosa hilo si la programu, na dawa yake ni kuiruhusu programu hiyo, katika mipangilio ya betri, kufanya kazi bila kizuizi.

PILI: Sauti huchukua nafasi kiasi gani?

Hapa hesabu ndogo yatosha. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kiasi cha megabaiti 29 kwa saa moja. Ikiwa ni kilobiti 128, huchukua mara mbili yake. Msomaji wa murattal aliye mtulivu huimaliza Qurani nzima kwa kiasi cha saa 30. Basi khitima moja kwa kipimo cha kwanza ni karibu megabaiti 860, na kwa kipimo cha pili ni zaidi ya gigabaiti moja na nusu. Kwa mwenye simu ndogo iliyojaa picha za harusi, huo ni mzigo. Hatuoni lazima kupakua yote. Juzuu Amma, Yasin, al-Mulk na al-Kahf hazifiki hata saa tatu, na kwa kilobiti 64 hazifiki megabaiti 90. Zipakue mara moja mahali penye wai-fai, zikutoshe mwaka mzima.

TATU: Programu tulizozilinganisha

Ya kwanza ni Quran for Android, nayo wenye simu za iPhone wanayo ndugu yake kutoka kwa watu hao hao wa Quran.com. Haina malipo wala matangazo. Kurasa zake ni picha za Msahafu wa Madina, kurasa 604, mistari 15 kwa kila ukurasa. Mara ya kwanza unapoifungua hukuomba ruhusa ya kuzipakua kurasa hizo, na baada ya hapo mtandao hauhitajiki kwa matini. Tarjuma huchaguliwa na kupakuliwa kando, na ya Kiswahili imo, ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Katika sauti kuna jambo la kufahamu. Wasomaji wake ni wa namna mbili. Wale waliotiwa neno "gapless" sauti yao imehifadhiwa sura nzima katika faili moja, kwa hiyo kisomo hakikatiki baina ya aya na aya; lakini ukitaka aya tatu tu za al-Baqara, itakubidi upakue sura yote, ambayo ni kama saa mbili. Wale wengine kila aya ni faili yake. Hao ni wepesi kupakua na wazuri kwa anayehifadhi, ila husikika kituo kidogo baina ya aya. Basi chagua kwa haja yako.

Ya pili ni Ayat, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Mfalme Saud cha Riyadh, nayo pia ni ya bure. Nguvu yake ni tafsiri za Kiarabu: utapata as-Saadi, Ibn Kathir, at-Tabari na al-Qurtubi chini ya aya unayoisoma. Kwa mwalimu wa madrasa ajuaye Kiarabu, hii ni hazina. Kwa mzee wetu wa Othaya ni milango mingi mno kwa mtu anayetaka chumba kimoja.

Ya tatu ni Muslim Pro, ambayo wengi wanayo kwa ajili ya nyakati za sala na kibla. Qurani imo, na kuitumia ni rahisi, lakini ile ya bure ina matangazo, na kuyaondoa ni kwa malipo. Tena mwaka 2020 magazeti ya Marekani yalitangaza kwamba habari za mahali walipo watumiaji wake zilipitia kampuni iitwayo X-Mode, iliyokuwa na biashara na jeshi la nchi hiyo. Wenye programu walikana kwamba wao waliliuzia jeshi habari hizo, wakatangaza kuukata uhusiano na kampuni ile. Sisi hatuhukumu. Lakini twachukua funzo: programu ya nyakati za sala yahitaji kujua ulipo, na programu ya kusoma Qurani haihitaji. Ikikuuliza, ikatalie, na kisomo chako hakitapungua herufi.

NNE: Je, matini na sauti ni sahihi?

Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwani sauti ikikatika ni hasara ya dakika chache, lakini aya iliyohifadhiwa vibaya hukaa kifuani miaka.

Programu zinazoonyesha picha za kurasa zina salama moja: kilichopigwa chapa ndicho unachokiona. Zile zinazoandika matini kwa herufi za simu yenyewe huweza kuharibika katika simu za zamani, alama zikahama au zikageuka visanduku vitupu. Ili kujua, chukua Msahafu wa Madina uliopigwa chapa, ulinganishe mahali pawili. Katika al-Baqara aya 245, neno yabsutu limeandikwa kwa swad, na juu yake pana sin ndogo inayokuonyesha kuwa hapo husomwa sin. Katika Hud aya 41, neno majraha lina alama maalumu chini ya herufi ra, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee katika riwaya ya Hafs pasomwapo kwa imala, yaani sauti ya "a" huelekezwa kwenye "e". Ikiwa alama hizo hazimo, matini hiyo haifai kuhifadhia. Na mahali hapo pa Hud hutumika pia kuipima sauti: msikilize msomaji, nawe utaisikia imala hiyo.

Ama sauti, kuna mtego ambao umekwisha kumnasa kijana mmoja wa Chaka. Alikuja darsani akasoma Fatiha, akasema "maliki" kwa kufupisha pale tunapovuta "maaliki". Wenzake wakamcheka, naye akaona haya, maana alikuwa amejifunza kwa bidii mwezi mzima. Tulipoitazama simu yake tukakuta amechagua kisomo cha riwaya ya Warsh, hali matini iliyo mbele yake ni ya Hafs. Kijana hakusoma kosa. Warsh ni riwaya sahihi isomwayo Afrika ya Magharibi na Kaskazini. Kosa ni kuchanganya sauti ya riwaya moja na maandishi ya nyingine bila kujua. Hata Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye mwaka 1961 alitoa murattal kamili ya kwanza iliyorekodiwa, ameacha kisomo cha Hafs na kisomo cha Warsh. Basi jina la msomaji peke yake halitoshi. Tazama na riwaya. Isikilize Fatiha, kisha aya ya tatu ya al-Baqara: ukisikia "yuuminuna" pasipo hamza, hiyo si Hafs.

Yakitokea haya mengine, jua hivi: sura ikikatika kila mara mahali pale pale, faili haikumalizika kupakuliwa; ifute uipakue tena. Na sauti zikitoweka zote, tazama kama umetumia programu ya kusafisha simu, kwani hizo hufuta bila kuuliza.

Tuliirekebisha simu ya mzee wetu hivi: Quran for Android, kurasa zote, tarjuma ya al-Barwani, na al-Husary kwa Hafs katika al-Kahf, Yasin, al-Mulk na Juzuu Amma. Tukakibonyeza kitufe cha ndege mbele yake, akasikiliza mpaka akatosheka. Ijumaa iliyofuata alitupigia simu kutoka Karatina, akasema, "Wanangu, leo imesafiri."

Na kijana wa Chaka tumemwambia asiifute Fatiha yake ya Warsh, ila aisome ya Hafs mbele ya mwalimu wake, mdomo kwa mdomo. Simu hukusomea, lakini haisikii unavyosoma wewe.

Wabillahi tawfiq.