Risala ya Kurasa Tisa kwa Dakika Kumi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Mwaka jana nilipewa kazi ya kusoma risala ya shule mbele ya mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne. Nilipofika ukurasa wa saba, mshereheshaji akaninong'oneza kwamba muda umekwisha. Nikaanza kukimbia, maneno yakagongana mdomoni, na nikakatizwa kabla sijafika kwenye maombi ya shule. Tulikuwa tunaomba vifaa vya maabara. Mgeni rasmi akatupongeza kwa taaluma na michezo, akaondoka zake. Hadi leo walimu wenzangu wananiita "Ukurasa wa Saba".

Mwaka huu nimepangiwa tena, dakika 10. Risala ina kurasa tisa, maneno 1,140. Nilisoma mahali kwamba mtu husema maneno 130 kwa dakika. Nikapiga hesabu, nikapata kama dakika 9. Lakini roho haitulii. Nifanyeje?

Msoma Risala, Morogoro

Marahaba, mwalimu. Roho yako ina akili kuliko hesabu yako, maana hiyo 130 si yako. Ni kipimo cha vitabu vya Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi mafupi. Kompyuta inapokuhesabia maneno, "na" ni neno moja na "tulivyowatayarishia" ni neno moja, ingawa la pili lina silabi tisa. Ndiyo maana nilikujibu kwanza faraghani na kukuomba usome kurasa tatu za katikati ya risala yako, umesimama, kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi, simu ikihesabu sekunde. Ulimaliza maneno 380 kwa dakika 4 kamili. Kasi yako, basi, ni maneno 95 kwa dakika, na risala yako ya maneno 1,140 ni ya dakika 12. Tena hizo ni dakika 12 za chumbani, pasipo itifaki, pasipo kigelegele hata kimoja.

Nilikuomba kurasa za katikati kwa sababu ukurasa wa kwanza hudanganya: wengine huuanza kwa mbio za woga, wengine kwa madaha. Na nilisisitiza sauti kwa sababu macho husoma upesi kuliko mdomo. Rudia kipimo hicho siku nyingine. Kama mara ya pili utapishana na ya kwanza kwa sekunde chache tu, kasi hiyo iamini. Ukipishana kwa nusu dakika, bado huijui kasi yako, soma tena.

Halafu nimeona jambo jingine katika karatasi ulizonitumia. Umeandika "47,850,000/=", na kompyuta ikalihesabu neno moja. Lisome sasa: milioni arobaini na saba, laki nane na hamsini elfu. Hayo ni maneno tisa, na bado hujataja shilingi. "2019" nayo ni maneno sita. Ukurasa wako wa tano una jedwali zima la michango ya wazazi kwa miaka minne, na humo ndimo dakika zinamozama bila mtu kuziona. Kwenye nakala ya kusomea, andika kila tarakimu kwa maneno kabla ya kuhesabu, au useme "karibu milioni arobaini na nane" na kuendelea na safari. Hakuna aliyekaa chini ya turubai atakayeikumbuka hiyo hamsini elfu.

Sasa tugawe dakika zako 10. Itifaki, kuanzia mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, viongozi wa dini, wazazi hadi wahitimu, itakula sekunde 45 hata ukijitahidi. Ukishawataja wa meza kuu, sema "itifaki imezingatiwa" na usirudi nyuma. Makofi na vigelegele tuvipe dakika 1, kwa kuwa wazazi wakisikia watoto wao wamefaulu hawatakusubiri umalize sentensi. Sekunde 15 tuziweke akiba. Zinabaki dakika 8, na kwa kasi yako hayo ni maneno 760. Kwa hiyo maneno 380 lazima yatoke, na najua yatauma.

Lakini kupunguza peke yake hakukuponyi. Siku hiyo mgeni rasmi anaweza kuchelewa na dakika zako kuwa 7, au kwaya ikafupisha wimbo ukaachiwa nafasi. Risala ya urefu mmoja tu haiwezi kulimudu hilo. Unahitaji risala yenye sehemu inayorefuka na kufupika, na sehemu hiyo lazima ikae mahali pake. Mwaka jana muda ulipokatwa, ulikatwa mwishoni, na mwishoni ndiko desturi yetu inakoweka maombi. Yaani ulitoa kafara jambo lililokupeleka pale mbele, ukaiokoa habari ya bustani ya mboga.

Panga hivi. Mwanzo na kiini, yaani idadi ya wahitimu, matokeo ya mitihani na hali ya shule, viwe maneno 380, dakika 4. Maombi ya mwisho yawe maneno 140, kama dakika moja na nusu. Haya mawili hayaguswi na mtu. Katikati yake weka vipande vitatu vya maneno 80 kila kimoja: kimoja cha UMISSETA, kimoja cha shamba la shule, kimoja cha klabu ya mazingira. Kila kipande na makofi yake ni sekunde 55. Kipande unachokithamini zaidi kitangulie, kwa kuwa kinachokatwa huwa ni cha nyuma.

Vipande hivyo vina masharti, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kila kimoja kisimame chenyewe. Usiandike "kama nilivyokwisha kusema" wala "jambo la tatu", maana ukiliruka la pili ukumbi mzima utakaa ukilitafuta. Usiahidi mwanzoni kwamba utataja mafanikio matano. Sharti jingine ni la kiutu: ndani ya kipande kinachoweza kuachwa usiweke jina la mtu wa kushukuriwa aliyepo pale. Yule mzazi aliyechangia mbegu za shamba amekuja na kitenge kipya akisubiri kusikia jina lake. Shukrani zote zihamie kwenye kiini.

Maombi nayo yaanze kwa sentensi inayoweza kushika mkia wa kipande chochote. Bahati nzuri tunayo tayari: "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto." Watu huicheka kwa kuchakaa, lakini kwa kazi hii sijaona ya kuizidi. Uwe umetoka kwenye matokeo ya mitihani, michezo au mahindi, "mafanikio hayo" yanaunga bila mshono kuonekana.

Inabaki kujua lini uache. Usikisie ukiwa umesimama pale; akili ya mtu mwenye kipaza sauti mkononi haijui kutoa na kujumlisha. Hesabu hiyo ifanye leo, ukianzia mwisho. Maombi lazima yaanze simu inaposoma 8:15 ili umalize ukiwa na sekunde chache mkononi. Rudi nyuma sekunde 55 kwa kila kipande, utapata 7:20, 6:25 na 5:30. Ziandike kwa kalamu nyekundu chini ya karatasi ya mwisho ya kiini. Ukifika hapo kabla ya 5:30, soma vyote vitatu. Ukifika kabla ya 6:25, soma viwili. Kabla ya 7:20, soma kimoja. Ikishapita 7:20, karatasi za vipande zipindue kimyakimya na uende moja kwa moja kwenye maombi. Mambo yakienda kama tulivyogawa, kiini utakimaliza kwenye 5:25 hivi, na vipande vyote vitaingia.

Na mshereheshaji akikwambia kabla hujaanza kwamba zimebaki dakika 7? Vipande vyote viache. Itifaki sekunde 45, kiini dakika 4, maombi dakika moja na nusu: jumla dakika 6 na robo, na sekunde 45 za vigelegele. Inaingia pasipo wewe kubadilisha hata neno.

Kila kipande kiwe kwenye karatasi yake, na kurasa zisibanwe pini. Simu iweke mezani kioo kikiwaka, ikiwa imezuiwa isipokee simu za watu. Kama unaogopa kuitazama, mwombe mwalimu mwenzako wa mstari wa mbele ainue kadi ikifika 5:30 na ikifika 8:15; usimpe kazi hiyo mshereheshaji, ana yake. Unapofanya mazoezi, soma mara moja ukiwa na vipande vyote, mara moja ukiwa na kimoja, na mara moja ukitoka kwenye kiini hadi maombi bila kipande. Hiyo ya mwisho ndiyo isiyofanyiwa mazoezi na watu, na ndiyo inayowatoa jasho siku yenyewe.

Najua ulikuwa unafikiria kuongeza kasi kidogo. Piga hesabu: ukiongeza kasi kwa sehemu moja ya kumi katika dakika 8 za kusoma, unaokoa sekunde arobaini na kitu. Hazitoshi hata kipande kimoja. Na chini ya spika zinazorudisha mwangwi, anayesoma kwa mbio humeza viambishi na miisho ya maneno, kisha wasikilizaji hawajui kama shule imepata maabara au haikupata. Kuruka kipande hakuna anayekugundua, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kilikuwepo.

Yale maneno 380 uliyoyatoa wala hayapotei, mwalimu. Si baada ya kusoma unamkabidhi mgeni rasmi nakala ya risala? Nakala hiyo iwe kamili, kurasa zote tisa, na jedwali la michango pamoja na hamsini elfu yake. Nakala ya kusomea na nakala ya kukabidhi si lazima zilingane, mradi zisipingane.

Kabla ya kuchapa, muulize mkuu wako wa shule jambo moja: zile dakika 10 zinaanza unapoitwa jina au unapofika kwenye kipaza sauti? Kwenye viwanja vyetu, safari hiyo peke yake inaweza kuwa nusu dakika, na itabidi uitoe kwenye vipande.