Kumnyonyesha Mtoto Akiwa Usingizini

Swali: Mwanangu wa miezi mitatu hulala saa moja jioni na kuamka saa saba usiku. Je, nimnyonyeshe kabla sijalala?

Jibu: Inafaa kujaribu. Saa nne usiku, taa ikiwa hafifu, mama amwinue taratibu na kumgusisha chuchu mdomoni. Wengi hunyonya macho yamefumba. Asipofungua mdomo, asilazimishwe. Akishanyonya, abebwe begani acheue, kisha alazwe chali. Akilala hadi saa tisa, mbinu imefaulu, na mama naye (aliyesahau ladha ya usingizi!) amepumzika.

Baada ya wiki moja akiamka saa saba vilevile, au mara nyingi zaidi, iachwe: anakatizwa usingizi bure.

Vinginevyo, akina mama wengi huacha kumnyonyesha mtoto akiwa usingizini karibu na miezi sita, hasa mtoto akianza kususia ziwa asubuhi. Mama apunguze muda wa kunyonyesha huko kwa dakika chache kila baada ya siku mbili tatu.